Mkanda uliopasukia Pasua

Jina la mtaa wenyewe Pasua, sasa sijui nilitegemea nini. Nilikuwa juu ya ngazi navuta waya kwenye nyumba moja kule Pasua, hapa Moshi, kiunoni nimening'iniza plaizi, testa, futi kamba na mfuko wa skrubu, nikasikia kitu kimelia "tak", halafu vyombo vyote chini, suruali nayo ikataka kuvifuata. Nikashuka ngazi mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika heshima, huku saidia fundi wangu anacheka mpaka amekaa chini kwenye mchanga.

Mkanda huo ulikuwa na miezi mitano. Niliununua mpya kwenye duka moja hapa mjini kwa shilingi 25,000, mweusi tii, unang'aa, umeshonwa pembeni pande zote mbili kwa uzi mzuri umenyooka, na kwa ndani umegongwa muhuri wa jenyuini leza. Nilivyoona ule muhuri na ile mishono nikasema hapa nimepata, huu mpaka mtoto amalize shule. Kumbe vitu viwili nilivyoviamini zaidi ndo vilikuwa havina maana kabisa.

Nikaupeleka kwa mzee mmoja fundi viatu ninayempelekea buti zangu siku zote. Nia yangu aniwekee bizimu nyingine (ile ya kufungia, wengi tunaita kichwa cha mkanda) maisha yaendelee. Akauangalia, akaukunja, akacheka kidogo puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii nikikuwekea kichwa kipya nitakula hela yako bure. Ukate tuangalie ndani."

Nikasita, maana mtu anayekwambia ukate kitu ulichonunua elfu 25 lazima usite. Akachukua kile kisu chao cha kukatia soli, akaukata katikati, tak, kama anakata muwa, akanionyesha ule uso wa kukatwa. Jamani. Juu kulikuwa na utando mweusi mwembamba kama karatasi ya nailoni, chini yake kitu cha kijivu kama boksi la mayai lililoshindiliwa, na chini kabisa kipande cha ngozi chembamba chenye manyoya manyoya, ndo hicho kilichogongwa muhuri. Kwa hiyo muhuri haukudanganya, ngozi ilikuwemo. Ilikuwa upande wa tumboni haionekani, na haibebi kitu.

Mzee akavuta uzi wa pembeni kwa ncha ya msharasi, akakata mshono mmoja tu, akavuta, uzi ukatoka wote mpaka mwisho kama unafungua mfuko wa sembe. Zile safu tatu zikaachana hapohapo kwenye meza. Mishono niliyoisifia ndo ilikuwa imeshikilia uongo usifunguke.

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa wa mikanda. Nikienda Memorial kwenye mitumba watu wanachagua mashati mi nimeinama kwenye mikanda nachungulia matundu. Naandika haya kwa sababu nimeulizwa sana na washkaji, na kila nikieleza kwa mdomo naishia kumvua mtu mkanda barabarani nimwonyeshe, ambayo haipendezi.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe si kitu kimoja toka juu mpaka chini. Sehemu ya juu kabisa, pale palipokuwa na manyoya, nyuzi zake ni nyembamba na zimesukana kwa kubana sana kama mkeka uliosukwa na bibi mwenye hasira. Ukishuka chini nyuzi zinakuwa nene na zimelegea, zimepishana ovyo kama katani iliyotupwa kwenye kona. Nguvu ya mkanda inakaa kwenye huo mkeka wa juu pamoja na nyuzi za chini yake ambazo bado zimeungana nao. Kiwandani ngozi nene inapasuliwa kwa mashine kulala, kama unavyopasua mkate wa boflo upake siagi, inatoka ya juu na ya chini. Ile ya chini haina mkeka kabisa. Wanaipaka plastiki juu, wanaipiga mashine yenye michoro ya vinyweleo, inafanana na ngozi nzuri, na kisheria bado ni ngozi, inagongwa jenyuini leza bila aibu.

Fulu greini ni ile ya juu ambayo haijaguswa na msasa. Mkeka wote upo. Kuna nyingine katikati hapo, ya juu kweli lakini imepigwa msasa kuondoa makovu halafu ikapakwa rangi nzito ifanane sawasawa. Hiyo si mbaya kiasi cha kuitupa, inavalika, ila wameshakwangua sehemu ya kile kilichobana zaidi, na rangi nzito ya juu ndo itakayokuja kupasuka pale unapokunja kila siku. Na mwisho kabisa kuna ngozi ya kusaga, mabaki yanasagwa yanachanganywa na gundi yanabandikwa kwenye kitambaa. Hiyo nayo utaambiwa ngozi.

Sasa unaijuaje fulu greini ukiwa umesimama kwenye kijiwe na muuzaji anakuambia "mangi hiyo kamera hiyo, belo nimefungua leo"? Watu wengi wanaangalia uso wa mbele, na uso wa mbele ndo umetengenezwa kwa ajili ya kuangaliwa. Mi naanzia kwenye matundu. Pembeni ya mkanda panaweza kupakwa rangi nzito ikaficha safu zote, lakini ndani ya tundu la mkanda ni nadra mtu kupaka. Shika mkanda, ufungue tundu kwa kidole kidogo au kwa ncha ya kalamu, geuza kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyuzi za rangi moja toka juu mpaka chini, kahawia au nyeusi iliyofifia, hapo kuna kitu. Ukiona mstari mweupe wa kitambaa, au kijivu kama boksi, au safu zimeachana kidogo, rudisha. Mwanga wa simu unatosha.

Unaweza kuona katikati ya unene kuna rangi ya bluu bluu ya majivu. Usikimbie. Hiyo ni ngozi iliyosindikwa kwa kromu, ndo rangi yake kabla haijatiwa dai, ni ngozi halali na inastahimili maji vizuri, ila ni laini na huwa inavutika zaidi ya ile iliyosindikwa kwa magome ya miti. Kwa mkanda mi nachagua ya magome. Dawa ya magome yenyewe inayojulikana hapa kwetu ni ya miwati, miti iliyojaa kule Njombe, magome yake yanakamuliwa kupata dawa ya kusindikia ngozi. Ngozi ya namna hiyo inakuwa ngumu kidogo mwanzoni, ukiisugua pembeni kwa maji na nta ya nyuki kwa kipande cha mti inang'aa yenyewe bila rangi. Ya kromu pembeni pake hapakubali kung'arishwa hivyo, panabaki manyoya manyoya mpaka papakwe rangi.

Baada ya tundu nageuza uso wa mbele, lakini natafuta ubaya. Ng'ombe wa huku kwetu, wa Siha, wa Simanjiro, ameishi. Kachomwa chapa, kakwaruzwa na miiba, kupe wamemuuma mpaka basi. Ngozi yake ikiachwa bila msasa lazima uone kakovu hapa, vidoti vya kupe pale, mistari ya mafuta shingoni. Ng'ombe wa kufungiwa huko Ulaya ngozi yake inakuwa safi zaidi, kwa hiyo mkanda wa mtumba kutokuwa na kovu si ushahidi dhidi yake. Ila vinyweleo vitakuonyesha. Vya kweli havina mpangilio, mahali vimesongamana mahali vimetawanyika. Vya mashine vinajirudia, ukifuatilia kwa macho sentimita kadhaa unakuta michoro ileile imeanza upya kama kitenge.

Kisha naukunja uso wa ngozi ukiwa kwa ndani, taratibu, kama naukunja mara mbili. Ngozi iliyobana inatoa mikunjo midogo myembamba inayopotea ukiachia. Ikitoa mikunjo mipana iliyovimba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, hiyo imetoka tumboni au kwapani mwa ng'ombe. Hapa ndo watu wanapigwa hata wakijua neno fulu greini, kwa sababu ngozi ya tumbo nayo ni fulu greini! Haijapigwa msasa, ni ya juu, kila kitu, lakini tumbo la ng'ombe kazi yake ni kutanuka akila, na ukiivaa kiunoni itaendelea na kazi yake ileile. Mkanda wa kudumu unakatwa mgongoni, sambamba na uti wa mgongo. Muuzaji hatakuambia na mara nyingi hajui, mikunjo ndo itakuambia.

Unene sasa. Kwa mkanda wa ngozi moja isiyo na tabaka, wa jinzi au wa kazi, nataka milimita 3 na nusu mpaka 4, upana milimita 38 hivi ili ujae kwenye lupu za suruali. Wa suruali ya kitambaa unaweza kuwa mwembamba, upana 30 mpaka 35. Chini ya milimita 3 ukiwa na vyombo kama mimi utajikunja kwa juu kama jani la mgomba lililokauka, hata uwe fulu greini ya namna gani. Imetosha kwenye ngozi.

Bizimu ndo iliyonidhalilisha Pasua kwa hiyo hapa nina maneno. Ile yangu ilikatikia kwenye kale kafimbo kembamba ambapo ulimi unazunguka. Nilipoangalia pale palipokatika, ndani palikuwa pa kijivu chenye chenga chenga kama sukari, na vitundu viwili vya hewa vinaonekana kwa macho, wakati nje ilikuwa inang'aa kama dhahabu. Hiyo inaitwa zamaki, ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, kama asilimia 4. Inapendwa viwandani kwa sababu inayeyuka chini kidogo ya digrii 400, unaisukuma kwenye kalibu ya chuma inatoka imeshaumbika na maua yake na nembo yake, halafu inapakwa rangi ya dhahabu au nikeli juu. Brasi inataka digrii 900 na zaidi, ni kazi nyingine na hela nyingine. Shida ya zamaki haipindi kukupa taarifa. Inakaa sawa, sawa, sawa, halafu tak.

Washkaji wengi wanapima kwa sumaku na wanajidanganya. Sumaku inanasa chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli, basi. Brasi hainasi, na zamaki nayo hainasi. Kwa hiyo sumaku isiponasa bado hujajua kitu. Ikinasa umejua kwamba nikeli ikichubuka kwa jasho kutu inaanza na suruali nyeupe zitapata mstari wa kahawia, ingawa kwa nguvu tu chuma hakina neno kama kimechomelewa vizuri pale kilipoungana, angalia maungio. Stenlesi nzuri nayo mara nyingi hainasi, na ukiipata chukua, haibanduki chochote kwa sababu haijapakwa chochote.

Mimi natumia mambo mawili. La kwanza uzito mkononi. Kwa ukubwa uleule brasi inaizidi zamaki kama robo hivi, ukishika moja kila mkono unasikia. Ila uwe na ya kulinganisha, mimi natembea na bizimu moja ya brasi kwenye begi ya vyombo, nicheke tu. La pili ni kukwaruza. Kwa nyuma, pale inapofichwa na ngozi, unapitisha ncha ya tupa au hata ya bisibisi, mkwaruzo mdogo tu. Brasi chini ni ya njano ileile ya juu. Zamaki inatoka nyeupe ya kijivu. Fundi umeme yeyote anaijua hii rangi bila kufundishwa, pini za plagi ni brasi, angalia iliyochubuka ulinganishe. Kama mkanda bado si wako muombe mwenye mali kwanza, kuna mmoja alinifukuza kijiweni, na kwa kweli alikuwa na haki yake.

Kuna dalili ya bure pia isiyohitaji tupa. Angalia ukingo wa ndani wa bizimu, kwenye zamaki ya bei rahisi kuna kamstari kembamba kamezunguka pale kalibu mbili zilipokutana. Brasi iliyomwagwa kwenye mchanga nayo inaweza kuwa na alama hiyo ila kawaida wameipiga tupa. Halafu angalia ulimi, uwe mnene na umekunjwa ukashika kafimbo kote, si umebanwa nusu. Ulimi mwembamba unakata tundu kama waya unavyokata jibini.

Na bizimu imeshikwaje na mkanda? Hili nalipa uzito kuliko aina ya chuma. Pale mkanda unapokunjwa kushika bizimu, ngozi huwa inapunguzwa unene ili ikunjike. Ikipunguzwa sana hapo ndo patakatika, haijalishi sehemu nyingine ina milimita 4. Finya kwa vidole pale kwenye kunjo, halafu finya katikati ya mkanda. Nikisikia kunjo ni chini ya nusu ya unene siuchukui. Halafu napenda iliyofungwa kwa skrubu au vifungo vya kubana kuliko iliyoshonwa, maana siku bizimu ikifa unabadilisha wewe mwenyewe kwa bisibisi.

Nirudi kwenye mishono, ambayo ndo ilinipiga. Mkanda wa ngozi moja nzima hauhitaji mshono wa pembeni hata mmoja. Hakuna cha kushikilia. Ukiuona kwenye ngozi moja ni pambo, na kila tundu la sindano limekata nyuzi kidogo, kwa hiyo pambo lenyewe lina gharama. Mshono una kazi pale ambapo kuna ngozi mbili zimebandikwa mgongo kwa mgongo, kila moja kama milimita 2, mikanda mingi mizuri ya ofisini iko hivyo na haina ubaya. Kwa hiyo ukiona mishono pembeni swali la kwanza ni hili: inashikilia nini? Rudi kwenye tundu uchungulie. Ngozi mbili, sawa. Ngozi na boksi, achana nayo.

Kama ni ngozi mbili, sasa angalia mishono kwa upande wa ndani, usiangalie mbele. Mashine ya kawaida inatumia nyuzi mbili, ya juu na ya chini, zinanasana katikati ya ngozi. Fundi akikosea mkazo, uzi wa chini unalala umenyooka kama waya wa umeme kwenye nguzo na wa juu unatokeza vidoti juu yake. Huo ukisagika mahali pamoja unavutika wote kama wangu ulivyovutika mezani kwa mzee. Wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano mbili, kila tundu sindano zinapishana toka pande zote mbili. Ukikatika mshono mmoja mingine inabaki imebana, kwa sababu kila tundu limepitiwa mara mbili. Pande zote mbili unaonekana umelala kimshazari kidogo.

Urefu wa mshono mmoja uwe milimita 3 mpaka 4. Hapa akili inadanganya, tunaona mishono midogo midogo iliyosongamana tunasema kazi safi. Kwenye shati sawa. Kwenye ngozi matundu yaliyosongamana ni kama yale ya stempu, umeshaweka alama ya kuchania. Na mstari ukae kama milimita 3 toka ukingoni, ukikaribia sana unachanika kwenda nje. Ukipata uliozama kwenye kamfereji hata bora zaidi, maana uzi unaosimama juu ya ngozi unasagwa na lupu za suruali kila unapoinama. Uzi wenyewe uwe wa polista au nailoni wenye nta. Wa pamba unaozeshwa na jasho, na kiuno cha fundi kwenye jua la Moshi saa nane mchana nisikueleze.

Basi baada ya elimu yote hiyo nikaenda Memorial Jumamosi moja asubuhi, nikakaa kama saa nzima kwenye rundo la mikanda. Niliyoishika ni mingi, iliyopita kwenye tundu ilikuwa minne. Mmoja ulikuwa wa tumbo, mikunjo mipana. Mwingine kunjo lake limeshaanza kuchanika. Wa tatu mzuri sana lakini wa kiuno cha mtoto. Wa nne kahawia, mchakavu kwa nje, umekwaruzika, umekauka mpaka unalia ukikunja, bizimu ya zamaki imebanduka nusu. Muuzaji anasema elfu 12, mi nasema elfu 5.

"Kaka huo si umeuona mwenyewe umechoka, kwa nini usichukue huu mpya mpya?"

Akanyooshea kidole mkanda mweusi unaong'aa, pacha kabisa wa yule marehemu wangu. Tukamalizana elfu 7.

Nyumbani nikaufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, nikauacha ukauke kivulini siku nzima, nikapaka mafuta ya ngozi kidogo sana kwa kidole pande zote mbili. Usipake mafuta ya kupikia, yanaoza na kunuka, na usiloweshe, ngozi ikinywa mafuta mengi inalegea na inavutika. Siku ya pili ukawa umelainika, makwaruzo mengi yamejificha yenyewe, hii ndo raha ya fulu greini, uso haujavaa koti la rangi kwa hiyo mafuta yanaingia. Bizimu ya brasi nikaipata kwa wanaonunua skrepa, imetoka kwenye begi la zamani, wakanipimia kwa kilo, haikufika elfu 3. Mzee akaifunga kwa skrubu mbili.

Nilipoona umekaa vizuri nikapata tamaa nikamwagiza mzee anitengenezee na mpya wa kazi, ngozi moja ya mgongo, bila mshono. Tukapima kwa mkanda wangu wa zamani, na hapa watu wengi wanakosea, wanapima kiuno au wanasoma namba ya suruali. Pima mkanda unaouvaa, toka pale bizimu inapogusa kunjo mpaka tundu unalolitumia. Mimi suruali ni namba 36 lakini kipimo changu kilitoka sentimita 96, yaani inchi kama 38. Hilo tundu likawa la katikati katika matano, yameachana sentimita 2 na nusu. Kwa hiyo 96, ongeza 5 za matundu mawili yaliyobaki mbele, ongeza 9 za ncha, ongeza 8 za kukunja kwenye bizimu, mzee akakata sentimita 118. Ngozi 25,000, bizimu na skrubu 5,000, ufundi 14,000. Elfu 44.

Kasoro nayo niiseme. Wiki mbili za mwanzo ulikuwa mgumu kama fimbo, nikikaa unanichoma tumboni, na shati langu la krimu limebaki na mstari wa kahawia kiunoni kwa sababu dai ilikuwa haijatulia na mi sikuusugua kwa kitambaa kikavu kwanza kama mzee alivyoniambia. Halafu ndani ya mwezi ulivutika karibu sentimita moja ukasimama. Tundu la katikati limekuwa refu kidogo kama yai, nalo limesimama. Uko mwaka wa tatu sasa. Brasi inatoa kaunga ka kijani pale inapogusana na ngozi, naifungua skrubu naisugua kwa limao na majivu, nasuuza, nakausha, narudisha.

Yule saidia fundi wangu aliyecheka mpaka akakaa chini juzi kaja na mkanda mpya, kaununua dukani, mweusi, unang'aa, umeshonwa pembeni. Nikamwambia lete nichungulie tundu, akakataa, akasema "bro niache nivae kwanza hata mwezi mmoja."

Nikamwacha. Ila kwenye ngazi sasa hivi napanda mimi.